Ukuta Alioutaka Lidia

Alasiri moja ya mwishoni mwa Oktoba, Mzee Kristofa alisimama peku juu ya pevingi za uwanja wake, ndoo tupu mkononi, na hakujua kwamba nyayo zake zinaungua.

Alitoka nje kwa jambo fulani. Huenda kuteka maji, huenda kuanua shuka. Alipofika katikati ya uwanja, jambo lenyewe lilimponyoka, akabaki amesimama kama nguzo ya simu. Jua la Makambako, lile la kabla ya mvua, lilikuwa limekaa juu ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Pevingi, vile vitofali vya zege, zilikuwa nyeusi, zimepangwa kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa mpaka bila kuacha hata pa kuota jani moja. Aliyemkuta ni Benno, fundi jirani, aliyekuja kuazima ngazi.

"Shikamoo, fundi mkuu."

"Marahaba."

"Mzee, unapika chapati kwa miguu?"

Kristofa akatazama chini. Akaona vidole vyake vimekuwa vyekundu. Alikuwa akiviona kama vidole vya mtu mwingine. Akataka kusema neno, na badala ya neno akaporomoka: ndoo ikalia chini, na Benno akamdaka kabla kichwa hakijagonga.

Zahanati walisema ni joto na upungufu wa maji mwilini. Walimtundikia dripu, wakampaka dawa ya nyayo, wakauliza anaishi na nani. "Na mke wangu," alijibu. Benno akatazama pembeni. Lidia alikuwa amezikwa tangu Mei, kwao Makete, kwenye udongo mweusi wa baridi wa huko alikozaliwa.

Msiba ule Kristofa aliupita kama mtu anayevuka mto kwa kamba, bila kutazama maji. Alipokea pole, alikaa kwenye kiti alichowekewa, alikula alichopewa. Watu walisema, "Baba Janeth ana moyo mgumu." Wengine wakasema ana imani. Yeye mwenyewe alingoja machozi kama mtu anavyongoja basi, na basi halikuja, na baadaye akaacha kungoja. Tangu hapo chakula kilikuwa kitu cha kutafuna. Asubuhi ilikuwa kitu cha kufungulia mlango. Hata chumba chao, kile cha pembeni, ambacho kuanzia saa tisa alasiri kilikuwa tanuri na hakikupoa mpaka karibu na alfajiri, alilala humo bila shuka, jasho likimtiririka, wala hakuona kwamba ni taabu.

Janeth alishuka kutoka Njombe siku ya pili baada ya baba yake kuanguka. Alikuwa binti yao wa pekee, na kazi yake ilikuwa kuchora ramani za viwanja: wapi pakae mti, wapi pakae njia, wapi ukuta, maji yaende wapi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mjini Njombe, na nyumba yake Yakobi, kwenye ukungu na baridi. Aliingia chumbani kwa baba yake saa kumi jioni, akasimama mlangoni, akashika kifua.

"Baba, unalala humu?"

"Ndimo ninamolala."

"Humu hata kuku hakai!"

"Mimi si kuku."

Janeth hakucheka. Aliweka kiganja juu ya ukuta wa magharibi, kwa ndani, akakiondoa haraka. Alifungua dirisha la kusini, akangoja. Pazia halikutikisika. Nje, nyuma ya dirisha lile, hatua chache tu, ulisimama ukuta wa mpaka, mrefu kuliko mtu aliyeinua mkono, umepigwa lipu safi bila hata tundu la panya. Juu yake upepo ulipita ukivuma, ukitikisa matawi ya jirani, na chini yake hewa ilikuwa imelala kama maji ya dimbwi.

"Nisikilize, baba," alisema. "Mvua bado. Novemba inakuja, na Novemba ndiyo mbaya. Safari hii Benno alikuwepo. Safari ijayo je? Nakupa mambo mawili, wewe uchague moja. Ama uwanja huu ubadilike, ama nikufungie virago twende Yakobi, na nyumba hii ipangishwe."

"Siendi Yakobi."

"Kwa nini?"

Alitafuta sababu. Ndani mwake palikuwa kama ghala baada ya kuuza mahindi, patupu, pamefagiwa. Lakini kwenye kona moja lilikuwepo neno moja tu, gumu kama kokoto.

"Siondoki hapa," alisema. "Basi."

"Basi uwanja."

"Uwanja una nini?"

"Nitakuonyesha. Nipe siku chache."

* * *

Siku zile Janeth aliutembea uwanja ule kama mtu aliyepoteza pete. Alikuwa na fito, kamba, chaki, na dira ndogo. Kila alasiri alichora kwenye pevingi mahali kivuli cha pembe ya nyumba kilipofikia, akaandika saa pembeni. Kristofa alimtazama kutoka barazani, nyayo zimefungwa bendeji, kama mtu anavyotazama televisheni isiyo na sauti.

Siku ya tatu alimbebea kiti, akakiweka chini ya dirisha la magharibi la chumba chake. Akampa kofia.

"Baba, jua liko wapi?"

"Lile pale."

"Na miparachichi yako iko wapi?"

Ilikuwa mitatu, mikubwa, imesongamana upande wa kaskazini-magharibi. Aliipanda mwenyewe walipohamia kutoka Njombe, ili iikinge nyumba na jua la jioni. Kivuli chake kilikuwa kizuri kweli, kizito, kimelala juu ya pevingi tupu, mbali na dirisha, hakimfai mtu yeyote.

"Uliipanda mwezi gani?" Janeth akauliza.

"Juni. Tulihamia Juni."

"Nilijua!" Akapiga ufito chini. "Sisi watu wa Njombe ndivyo tulivyo. Jua tunalitazama Juni tu, kwa sababu Juni ndipo tunapolitafuta. Wewe ulisimama hapa Juni, ukaliona linazama kule, upande wa kaskazini, ukapanda miti njiani mwake. Lakini jua linahama, baba. Oktoba linapita juu ya kichwa na kuzama huku, kusini zaidi. Limeizunguka miti yako, linaingia dirishani kwako moja kwa moja. Sasa miti hii inakunyima jua wakati wa baridi, na wakati wa joto inakutazama tu."

Kristofa akageuza kichwa polepole. Mbele ya ukuta wa kaskazini wa nyumba palikuwa na kigoda cha Lidia, bado pale, rangi imebanduka. Hapo ndipo alipoota jua kila Juni na Julai, sindano za kufumia mkononi, mabega yameinuliwa kwa baridi. Miaka ya mwanzo kigoda kilikaa karibu na pembe ya magharibi. Miti ilipokua, Lidia alikisogeza. Mwaka uliofuata akakisogeza tena. Kila mwaka kidogo, kuelekea mashariki, akikimbia kitu. Kristofa alikuwa akimtania: "Mke wangu, utaishia kwa jirani." Naye Lidia alijibu, "Jirani ana jua."

Hakuwahi kusema ni miti. Huenda hakujua. Huenda alijua, akaona mumewe anavyoimwagilia.

Kristofa alingoja jambo hili limchome. Halikumchoma. Lilikaa tu pale, kama jiwe juu ya meza.

"Sawa," alisema. "Ikateni."

"Haikatwi, ni miti mizima. Tutaipogoa matawi ya chini na kupunguza kati, ili Juni jua lipite. Halafu tutapanda mingine hapa." Akaonyesha alama za chaki, hatua kadhaa kutoka dirishani, upande wa magharibi na kusini yake. "Parachichi za kubebesha, zile za kuunganishwa kitaluni. Hazirefuki sana, zinatawanyika chini. Jua la saa kumi liko chini, baba, mti mrefu wenye shina tupu linapita chini yake kama mwizi chini ya uzio. Tunataka majani yaanzie kiunoni."

"Miche inachukua miaka."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi kuhoji kitu. Janeth alimtazama kwa pembe ya jicho.

"Ndiyo. Kwa hiyo mwaka huu tutasimamisha nguzo na neti ya kivuli, ile ya vitaluni, palepale miti itakapokaa. Chini yake tunapanda mapasheni yapande juu. Miti ikishika, tunaondoa nguzo. Na hizi," aliikanyaga pevingi, "kutoka ukutani mpaka pale zote zinang'oka. Zinakunywa jua mchana kutwa, usiku zinakutapikia wewe chumbani. Tunaweka nyasi. Njia ya gari inabaki, na mbele ya kigoda cha mama panabaki vilevile. Pale Juni joto la mawe linatakiwa."

"Sawa."

"Na ukuta wa kusini."

"Ukuta una nini?"

"Unaziba upepo. Upepo wa hapa unatoka kusini-mashariki, ungeingia dirisha la kusini na kutokea la magharibi, chumba kingepumua. Lakini ukuta uko karibu mno na dirisha, na ni mzima. Tutatoboa kipande kimoja mbele ya dirisha, tuweke matofali ya matundu."

Kristofa akainuka. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ukuta hauguswi."

* * *

Ukuta ule ulikuwa wa Lidia. Kristofa aliujenga, lakini aliyeutaka ni Lidia. Kwao Makete baridi ilikuwa ya heshima, ilitua juu ya mtu kama shuka. Makambako ilikuwa na upepo, na upepo ule, Lidia alisema, hauna adabu: unaingia bila hodi, unafunua sufuria, unamvua mtu kilemba mbele ya wakwe. Mwaka wao wa kwanza alikohoa miezi mitatu. "Niwekee ukuta, baba Janeth," alisema. "Usio na tundu. Nataka nisiusikie hata ukinitukana."

Naye Kristofa, aliyeijengea misheni makanisa mawili na bweni la wasichana, alisimamisha ukuta ulio bora kuliko kazi zake zote. Msingi mpana, nguzo za nondo, mkanda wa zege chini na mwingine juu. Jioni alipomaliza lipu, Lidia alikuja, akaegemeza mgongo, akafumba macho, akasema, "Kimya."

Haya yote Kristofa hakuyasema. Alisema tu kwamba hauguswi, akaingia ndani, akafunga mlango.

Janeth alibaki nje na ufito wake. Kupitia dirishani Kristofa alimsikia akimwambia Benno, bila kupunguza sauti, "Mama mwenyewe angeuvunja kwa meno kama angemwona baba alivyoanguka." Baadaye sauti yake ikapasuka, akalia, kilio cha wazi cha mtoto. Kristofa akaketi kitandani, akasikiliza. Alijua kwamba baba angepaswa kutoka. Mikono yake ilikaa magotini, haikuitika.

Kesho yake Janeth alileta sanduku lake la safari, akaliweka wazi juu ya kitanda cha baba yake, tupu.

"Bila upepo chumba hakipoi vya kutosha," alisema. Macho yalikuwa yamevimba, lakini kidevu kimeinuka kama cha mama yake. "Kivuli kinazuia jipya lisiingie, hakitoi lililomo. Sitakudanganya na ramani nusu. Nimemwambia Benno aanze na ukuta asubuhi hii. Ukimzuia, paki nguo zako."

Kisha akatoka.

Kristofa alilitazama sanduku. Alifungua kabati, akatoa shati moja, akaliweka ndani. Akatoa la pili. Hakukuwa na uzito wowote katika jambo lile. Angeweza kupakia kila kitu vivyo hivyo, akaenda Yakobi, akakaa kwenye kiti kingine, akatazama ukungu. Ile kokoto ya ndani aliitafuta, akaikuta imekuwa ndogo. Hilo, kwa mbali, lilimtia hofu. Ilikuwa hofu kama ya habari ya kusoma gazetini, lakini ilikuwa hofu.

Ndipo akasikia nyundo.

Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Mkono wake ukasimama juu ya shati. Sauti ile haikuwa sawa. Fundi akigonga mahali pake, ukuta hujibu kwa ufupi; hapa ulikuwa unajibu kwa kirefu, mpaka kwenye nguzo. Benno alikuwa anapiga juu, chini ya mkanda wa zege, na anapiga kwa nyundo kubwa kama mtu anayeua nyoka.

Pigo la nne. Vumbi la lipu likaanguka mbele ya dirisha.

Kristofa alitoka akiwa na ndala mguu mmoja.

"Wewe Benno! Nani alikufundisha kazi?"

"Mzee, shikamoo, binti amesema..."

"Nakuuliza nani alikufundisha! Unapiga chini ya mkanda? Unataka ufa ukimbie mpaka kwenye geti? Lete tindo."

Benno akamtazama Janeth. Janeth aliinua mkono kidogo tu: usiseme kitu.

"Tindo!"

Akapewa tindo na nyundo ndogo. Kristofa akapapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kama daktari anavyopapasa tumbo. Chini ya lipu, mkono wake ulijua kila kozi, kila mstari wa matofali, ulipo. Alihesabu kushuka kutoka kwenye mkanda, akaacha kozi mbili, akapima kutoka nguzo hii na nguzo ile, akachora mstari kwa msumari.

"Hapa. Si zaidi ya hapa. Unaanza na tofali la katikati, unalitoa zima, halafu unatembea kando. Nguzo huzigusi. Mkanda huugusi. Ukimaliza unaweka yako ya matundu kwa udongo wa saruji mzito, unakazia pembeni."

"Ndiyo, mzee. Lakini huu ukuta, kusema kweli, ni ukuta au gereza?"

"Ni ukuta," alisema Kristofa. "Ndiyo maana utakuchosha."

Tofali la kwanza alilitoa mwenyewe. Halikutoka kirahisi; alikuwa amelijenga lisitoke. Alipolivuta, tundu likabaki, jeusi kwanza, halafu likajaa mwanga wa upande wa pili. Kilipita kitu usoni pake. Akapepesa macho, akadhani ni vumbi.

* * *

Kazi ilichukua siku zilizobaki za juma lile. Miche ilipandwa, nguzo zikasimama na neti ikatandazwa, na saa kumi jioni kivuli chake kilipanda ukuta wa magharibi mpaka juu ya kizingiti cha dirisha. Pevingi za kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ziling'olewa, zikarundikwa nyuma ya choo. Chini yake udongo ulikuwa umepauka, na Janeth aliumwagia maji mpaka ukanukia. Miparachichi ya zamani ilipogolewa. Kipande cha ukuta wa kusini sasa kilikuwa na matofali ya matundu, mistari mitano, na kupitia kwayo ungeweza kuona kuku wa jirani vipande vipande.

Jumamosi jioni Janeth alifungua madirisha yote mawili ya chumba cha baba yake. Sanduku lilikuwa bado kitandani, mashati mawili ndani. Alilisukuma pembeni, wakakaa wote wawili ukingoni mwa kitanda.

Pazia la kusini lilivuta pumzi. Likajaa, likainuka, likashuka. Pazia la magharibi likavutwa nje ya dirisha kama ulimi. Hewa ilipita kati yao, ikazunguka chumba, ikaufikia ukuta wa magharibi na kabati, ikatoka. Jua lilipotua, ilianza kuwa kali. Ilileta harufu ya moshi wa jirani na ya udongo uliomwagiwa.

Kristofa alikaa mikono magotini. Kwanza hewa ilishika vinyweleo vya mkono. Halafu shingo. Halafu nyuma ya masikio, mahali ambapo Lidia alikuwa akimfunika kwa skafu kila walipokwenda misa ya kwanza, naye akilalamika kwamba yeye si mtoto. Meno yake yakagongana mara moja.

"Baba?"

"Upepo huu," alisema. "Hauna adabu."

"Nifunge dirisha?"

Kristofa aliinuka, akapiga magoti mbele ya droo ya chini ya kabati, ile ambayo haikufunguliwa tangu Mei. Akatoa sweta la kijani la Lidia, la mikono mirefu, lililofumwa kwa uzi mnene wa Makete. Akalivaa. Lilimbana mabegani na mikono ikaishia kabla ya viganja. Akarudi kukaa, akajikunyata ndani yake, akitetemeka.

"Nasikia baridi," alisema, kwa mshangao, kama mtu anayesoma jina lake kwenye bahasha.

Janeth alinyoosha mkono afikie dirisha.

"Liache," alisema Kristofa.

Wakakaa hivyo mpaka giza likaingia. Baadaye aliyatoa mashati mawili sandukuni, moja moja, akayarudisha kabatini, akalifunga sanduku na kumpa mwenyewe.

"Ule mche wa pili," alisema. "Mwambie Benno ausogeze. Ameupanda karibu na karo la maji machafu, mizizi itaingia."

"Nitamwambia kesho."

"Na Juni kigoda kirudi pembeni. Kule kilikoanzia."

Janeth aliitikia kwa kichwa gizani. Kristofa alivuta mikono ya sweta, ambayo haikufika, akaendelea kutetemeka.